Jenereta Kubwa, Kazi Ndogo

Jenereta ya dizeli ya kilowati 80 ikiachwa usiku kucha kuwasha taa na friji za kilowati 8 tu, inafanya kazi asilimia 10 ya uwezo wake. Baada ya wiki kadhaa, ekzosi huanza kutoa moshi mweusi na kuchuruzika uowevu mweusi unaonata.

Wengi hudhani ringi zimekwisha. Mara nyingi uowevu ule ni dizeli isiyoungua, iliyochanganyika na masizi na oili kidogo. Mzigo ukiwa chini ya asilimia 30 kwa muda mrefu, silinda hazipati joto la kutosha kuunguza mafuta yote. Masizi huganda kwenye ncha za nozeli, nazo huanza kudondosha dizeli badala ya kuipuliza kama ukungu. Tatizo linazidi kujilisha.

Fundi huongeza mzigo hatua kwa hatua hadi asilimia 75 hivi, kwa saa kadhaa, akichunga ekzosi isishike moto. Moshi ukikatika, uchafu umeungua. Usipokatika, nozeli zifunguliwe na kupimwa kwenye mashine ya presha: inayodondosha husafishwa au hubadilishwa.