Kikombe cha Mfuto: Kupima Unga, Sukari na Vimiminika Bila Mizani

Mapishi mengi ya keki na maandazi yanayosambaa mitaani hutaja vikombe: unga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, maziwa nusu kikombe. Anayeyaandika ana kikombe chake mkononi, na anayeyasoma ana chake. Kimoja ni kikombe cha chai cha udongo, kingine ni kikombe kikubwa cha bati kinachobeba karibu mara mbili yake. Kwa mapishi yanayopimwa kwa kikombe mwanzo hadi mwisho, tofauti hiyo haidhuru sana, maana ukitumia kikombe kilekile kwa kila kitu, uwiano wa unga, sukari na maziwa unabaki palepale. Utapata keki kubwa au ndogo, basi.

Shida inakuja na vitu visivyofuata kikombe. Mayai manne ni mayai manne, kikombe kiwe kikubwa kiwe kidogo. Siagi inanunuliwa kwa pakiti yenye gramu zake, na beking poda inapimwa kwa kijiko. Mtu mwenye kikombe kikubwa anaongeza unga na sukari huku mayai na siagi vikibaki vilevile, na keki inatoka kavu ingawa amefuata maelekezo neno kwa neno. Ndiyo maana hatua ya kwanza kwa asiye na mizani ni kujua kikombe chake kinabeba kiasi gani.

Kikombe cha kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni mililita 250, yaani robo lita. Cha Marekani ni kidogo kwa kiasi, kama mililita 240, tofauti ambayo kwa keki ya nyumbani unaweza kuisahau. Kukipata kikombe hicho, chukua chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Isiwe chupa uliyoijaza mwenyewe hadi mdomoni, kwa sababu kiwandani huacha nafasi juu, na ukiijaza wewe itapita nusu lita. Mimina maji yote kwenye glasi mbili za namna moja zenye kuta zilizonyooka, uyagawe mpaka yalingane kimo. Zipange kwenye meza iliyo sawa, inama macho yako yafike usawa wa maji, kisha weka alama kwa rangi ya kucha au kipande cha utepe. Ukitazama kwa juu utaona maji yamepanda kuliko yalivyo. Sasa una kikombe cha mililita 250, na kwa maji, maziwa na mafuta kazi imekwisha.

Nusu yake ni rahisi zaidi. Jaza maji hadi kwenye alama katika glasi mojawapo, kisha yamimine katika hizo mbili mpaka yalingane tena, na uweke alama ya pili.

Vijiko navyo vina ujazo wao. Kijiko cha chai cha kipimo ni mililita 5, na kijiko cha chakula ni mililita 15. Vijiko vya mezani vya nyumbani hutofautiana sana, na vingi havifiki 15. Bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa, lisilo na sindano, linakupa jibu papo hapo: vuta maji, yamwage kwenye kijiko, uone kama yamejaa au yamemwagika. Hata kijiko cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya mtoto huwa na alama ya mililita 5. Kioshe vizuri, kikae jikoni.

Unga ndio unaosumbua kuliko vyote. Maji hayashindiliki, kikombe cha maji ni kikombe cha maji. Unga wa ngano ni chembe ndogo zenye hewa katikati yake, na kiasi cha hewa hiyo kinabadilika kila unapougusa. Jaribu hivi: jaza kikombe kwa kuuteka unga taratibu kwa kijiko, bila kugonga wala kushindilia, kisha sawazisha ukingo kwa mgongo wa kisu. Sasa gonga kikombe mezani mara kadhaa. Unga utashuka na kuacha nafasi juu inayoonekana wazi, ingawa hujatoa hata chembe moja. Nafasi ile ilikuwa hewa, na anayeijaza kwa unga mwingine amepima zaidi ya yule wa mwanzo.

Kwa hesabu, kikombe cha mililita 250 cha unga wa ngano uliotiwa kwa kijiko na kusawazishwa kina takriban gramu 125. Kikombe hichohicho ukikizamisha kwenye mfuko na kukitoa kimejaa, kinafika gramu 150 au zaidi, kwa sababu unga wa mfukoni umeshajikandamiza tangu kiwandani na njiani, na wewe unaukandamiza tena kwa ukingo wa kikombe. Unga uliochekechwa kwanza ndipo ukapimwa unashuka hata chini ya gramu 120. Hapo soma mapishi kwa makini: "vikombe viwili vya unga uliochekechwa" maana yake chekecha, kisha pima. "Vikombe viwili vya unga, chekecha" ni pima kwanza.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kwenye nafaka zamani. Kibaba na pishi, ambayo ni vibaba vinne, ni vipimo vya ujazo, na wapimaji walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwenye ukingo, na kibaba cha tele, kilichofanya kilima juu. Muuzaji na mnunuzi walipaswa kukubaliana ni kipi kabla ya kupima. Jikoni makubaliano yawe hayohayo: kama mapishi hayasemi vingine, chukulia kila kikombe na kila kijiko ni cha mfuto.

Njia ya kukagua mkono wako ipo dukani tayari. Pakiti ya unga ya kilo moja imeshapimwa kiwandani. Ikunjue, uvuruge unga kwa kijiko ili ulegee, kisha utie kwa kijiko kwenye kikombe chako cha mililita 250 na kusawazisha, huku ukihesabu mpaka pakiti iishe. Ukipata vikombe vinane, mkono wako unatoa gramu 125 kwa kikombe, na mapishi yoyote ya gramu unaweza kuyafuata kwa kugawanya. Ukipata sita na nusu, unashindilia. Kikombe chenyewe kikiwa si cha mililita 250, hesabu hiyohiyo inakuambia uzito wake: gawanya gramu 1,000 kwa idadi uliyopata. Jibu hilo ni la unga wa ngano tu. Unga wa mchele na sembe vina uzito mkubwa zaidi kwa kikombe kilekile, kwa hiyo anayepika vitumbua ahesabu pakiti yake upya.

Sukari haina usumbufu huo. Punje zake ni ngumu na hazikandamiziki kirahisi, kwa hiyo ukiiteka au ukiitia kwa kijiko, kikombe cha mililita 250 kitakuwa na gramu 200 na kidogo. Kilo moja inatoa karibu vikombe vitano. Angalizo ni sukari ya unga ya kupambia keki, ambayo inafanana na unga wa ngano kwa hewa na uzito. Usiibadilishe na sukari ya kawaida kikombe kwa kikombe.

Tuchukue keki ya kawaida tuone hesabu inavyokwenda: siagi gramu 250, sukari gramu 200, mayai 4, unga gramu 250, beking poda vijiko 2 vya chai na maziwa vijiko 4 vya chakula. Siagi ya pakiti ya gramu 500 unaikata katikati. Sukari ni kikombe kimoja pungufu kidogo ya mfuto. Unga ni vikombe viwili vya mfuto vilivyotiwa kwa kijiko. Mayai ndiyo ya kuangalia, maana mayai ya kienyeji mara nyingi ni madogo kuliko ya kisasa: mayai makubwa manne yaliyopigwa yanafika karibu mililita 200, yaani yanaikaribia alama ya kikombe chako bila kuifikia. Yakiwa chini sana, ongeza yai moja. Vijiko vya beking poda visawazishwe kwa kisu. Kijiko cha tele kinaweza kukaribia vijiko viwili, na beking poda ikizidi keki inaumuka haraka, inadidimia katikati na kuacha ladha chungu mdomoni.

Sasa mtu huyohuyo aizamishe glasi kwenye mfuko wa unga. Vikombe vyake viwili vinakuwa na gramu 300 au zaidi, na keki imeongezewa moja ya tano ya unga bila yeye kujua. Dalili anaziona kabla ya kuwasha jiko. Mchanganyiko wa keki ulio sawa, ukiuinua kwa mwiko, unaning'inia kidogo kisha unaanguka wenyewe. Wa kwake umeng'ang'ania mwiko, na lazima autikise ndipo udondoke. Akiuoka hivyo, keki itapasuka juu, itakuwa kavu na kumeguka inapokatwa. Dawa ni kuongeza maziwa kijiko kimoja kimoja mpaka mchanganyiko uanguke mwenyewe. Haitakuwa keki ileile, kwa sababu mafuta na sukari sasa ni kidogo kwa unga wote ule, lakini italika.

Kwa maandazi na chapati kosa hilo linasameheka, maana mpishi anaongozwa na unga wenyewe mkononi. Hata hivyo usimwage maji yote ya mapishi kwa mkupuo. Bakisha kama robo yake, uongeze kidogo kidogo ukiendelea kukanda, kwa sababu unga uliokaa kwenye hali ya hewa yenye unyevu unataka maji machache kuliko uliokaa pakavu.

Kuhusu vimiminika, jambo moja huwapotosha wengi: gramu na mililita zinalingana kwa maji, na kwa maziwa zinakaribiana sana, si kwa kila kitu. Mafuta ya kupikia ni mepesi, kikombe chako cha mililita 250 kina takriban gramu 230. Asali ni nzito, kikombe hichohicho kinapita gramu 350. Mapishi yakisema gramu 175 za asali, hiyo ni nusu kikombe tu. Pakaza mafuta ndani ya kikombe kwanza, asali itoke yote, vinginevyo kiasi kizuri kitabaki kimeganda ukutani.

Siagi iliyokwisha kufunguliwa na isiyojulikana imebaki kiasi gani inapimwa kwa maji. Unataka nusu kikombe? Tia maji baridi nusu kikombe, kisha dumbukiza vipande vya siagi, vikielea vizamishe kwa kidole kidogo, mpaka maji yafike kwenye alama ya kikombe kizima. Mwaga maji, siagi iliyobaki ni nusu kikombe kamili.

Anayeoka kwa biashara, au anayepika mikate ya makumi kwa siku, anunue mizani. Vikombe havitampa mikate inayolingana asubuhi hadi jioni. Kwa wengine wote, glasi yenye alama, kijiko kilichokaguliwa na kisu cha kusawazishia vinatosha. Na ukimwandikia mtu mapishi yako, mwandikie pia kikombe chako kinabeba mililita ngapi, na unga umeuteka au umeutia kwa kijiko.