Mbele ya kutia fishi ku prizi, geuza ordinateri uangalie nyuma

Wandugu, mimi ni mutu wa agronomi, si mutu wa umeme. Lakini hii somo niliilipa, basi niwape ninyi bure.

Ndugu yetu mumoja alirudia Bukavu toka Kanada na ordinateri ya mezani. Alinipatia nimalizie nayo kazi ya udongo wa mashamba, na data zote zilikuwa kwa disiki yake. Fishi yake ya Kanada, yenye vipande viwili bapa na kijiti kimoja cha duara, haikuingia ku prizi yetu. Nikaenda soko, nikauza adaptateri, ikaingia muzuri. Nikafinya buto. Paa! Cheche, arufu ya kuungua, kiisha kimya.

Kosa yangu ilikuwa kufikiri ya kwamba kama fishi imeingia, basi umeme unafaa. Adaptateri inabadilisha sura ya fishi tu, haigusi volti. Kanada prizi inatoa volti 120, kwetu Kongo ni 220.

Nyuma ya ordinateri, kando ya fasi kamba ya umeme inaingia, njo kuko alimantasyo. Ku alimantasyo nyingi za zamani kuko kabuto kadogo, mara nyingi kekundu, kenye kuonyesha 115 ao 230. Namba yenye unaona njo yenye imechaguliwa. Ile ya ndugu ilikuwa ku 115.

Juu ya nini inapasuka? Ndani kuko kondansateri mbili kubwa, na kila moja kwa kawaida inavumilia volti 200 hivi. Kama kabuto iko ku 115, alimantasyo inajaza kila moja mpaka kilele ya umeme wa prizi. Kwa volti 120, kilele ni karibu 170, kwa hiyo hakuna shida. Kama iko ku 230, hizo mbili zinagawana kilele. Kwa 220 yetu kilele ni 311, kila moja inabeba kama 155. Tena hakuna shida. Lakini ukiacha 115 na utie ku 220, kila moja inapewa 311 yote. Fisibili inakatika, ao kondansateri inapasuka, ao vyote viwili.

Kosa ya upande ingine haina hatari sana: kabuto ku 230 ndani ya inchi ya volti 120, mara nyingi ordinateri inakataa tu kuwaka. Kwa hiyo kama una mashaka, weka 230 kwanza.

Sasa fanya hivi. Tosha kamba yote. Soma etiketi ya alimantasyo, kwa mustari wa INPUT. Ukiona 100-240V, inajipanga yenyewe, haina kabuto, unabadilisha kamba tu. Ukiona 115/230, tafuta kabuto na uisukume na turnevisi ndogo mpaka 230 ionekane yote. Usiisukume hata siku moja wakati kamba iko ku prizi. Ukiona 115 ao 120 peke yake, usitie ku prizi yetu bila transformateri yenye nguvu ya kutosha. Kiisha soma vilevile etiketi ya ekra, emprimanti na baflé. Kila moja iko na yake.

Kuhusu fishi: ule upande wa kamba unaoingia ndani ya ordinateri, mara nyingi ni sura moja dunia yote. Kwa hiyo usiteseke na adaptateri, uza kamba yenye fishi ya kwetu. Mwenye kutoka Kampala iko na shida hii tu: kule ni volti 240, kabuto inabaki ku 230, lakini fishi yao ya vipande vitatu vya mstatili haiingii kwetu. Chagua kamba na prizi zenye waya ya udongo. Kwa prizi ya matundu mbili bila udongo, unaweza kugusa chuma ya sanduku usikie kama sindano zinakuchoma ku vidole. Ni umeme kidogo wenye kupita ku filtri ya alimantasyo, na hauna njia ya kwenda ku udongo.

Na kama imekwisha kupasuka? Tosha kamba, usifungue alimantasyo, juu kondansateri zinaweza kubaki na umeme hata bila kamba. Badilisha alimantasyo yote. Njo tulifanya hivyo. Kwa bahati disiki ilipona, na data za udongo zikabaki. Ndugu yangu bado ananicheka mpaka leo: "Ulishindwa kusoma namba tatu tu?"