Una aibu ya kuzungumza na usiyemjua? Anza kituoni

Mama mmoja aliniambia kliniki kwamba akiwa kituo cha daladala hujifanya anatafuta kitu kwenye mkoba ili asimsalimie mtu. Siku moja hakujua kama gari lake limeshapita, akaona aibu kuuliza. Alisubiri, kisha akarudi nyumbani na mtoto hakupata chanjo yake siku ile. Kama nawe uko hivyo, soma hapa.

Mwili wako unafanya nini

Ukitaka kumsalimia usiyemjua, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo unadunda, mdomo unakauka, sauti inakwama. Hali hiyo haidhuru, na ukibaki palepale hupungua yenyewe. Ukikimbia unapata nafuu haraka, lakini mwili unajifunza kwamba kituoni kuna hatari, na kesho hofu inarudi na nguvu zaidi. Kwa hiyo usisubiri aibu iishe ndipo usalimie. Vuta pumzi ukihesabu hadi tatu, itoe taratibu ukihesabu hadi tano. Rudia mara tatu, kisha salimia aibu ikiwa bado ipo.

Salamu

Uzuri wa salamu zetu ni kwamba maneno yake na majibu yake yameshapangwa. Mtu mzima mwambie "Shikamoo mama" au "Shikamoo baba", naye ataitikia "Marahaba". Wa rika lako mwambie "Habari za asubuhi, dada". Ukishindwa kukadiria umri, tumia "habari", maana wapo wasiopenda kuamkiwa shikamoo na mtu wanayelingana naye. Ukisikia anaongea Kisukuma, "Mwangaluka" ya asubuhi humfurahisha hata kama hujui neno jingine.

Mtazame usoni kidogo na utoe sauti, kwa sababu konda na bodaboda wanapiga kelele. Asipoitikia, mara nyingi hakusikia. Rudia mara moja tu.

Baada ya salamu

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Anza na jambo mnaloliona wote wawili, yaani gari, jua, mvua au foleni. Akijibu, shika neno moja katika jibu lake, ongeza kidogo la kwako, kisha uliza swali lisiloishia kwenye "ndiyo" au "hapana".

Tuseme uko Mkuyuni na mtoto mgongoni, unasubiri gari la Buhongwa. Pembeni yako amesimama mama mtu mzima mwenye ndoo.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, hujambo?"
"Sijambo. Gari la Buhongwa limeshapita?"
"Limepita, lakini lilikuwa limejaa."

Ukisema "Aha" na kunyamaza, mazungumzo yamekufa. Shika neno "limejaa":

"Limejaa mapema hivi! Mimi nimezoea kupanda saa nne. Nyie wa asubuhi huwa mnafanyaje?"
"Tunagombania tu. Na mimi nina dagaa hawa nawapeleka kwa wateja."

Sasa amekupa neno jipya, "dagaa":

"Mimi dagaa wangu huwa wanabaki na mchanga hata nikiwaosha. Wewe unawaoshaje?"

Atakueleza kwa raha, maana umemuuliza analolijua. Wewe kazi yako ni kusikiliza. Watu wenye aibu wengi ni wasikilizaji wazuri.

Kujua pa kuishia

Akijibu neno mojamoja mara mbili, akageukia simu au akakupa bega, mwache. Huenda amechoka au ana mawazo yake, wala si kwamba umekosea. Gari likija, sema "Haya mama, safari njema." Mtu akikuuliza sana unapoishi au uko na nani nyumbani, huna deni la kumjibu. Sogea karibu na wamama wengine.

Anza kidogo. Wiki ya kwanza salimia mtu mmoja kila safari, basi. Wiki ya pili ongeza swali la gari. Ya tatu, jaribu kushika neno. Mtoto wako naye akiwa na aibu, usimsukume wala usimwambie mgeni "huyu ana aibu". Salimia wewe, yeye aone.

Lini uje kituo cha afya

Aibu ya kawaida hupungua kadiri unavyozoea. Lakini hofu ya watu ikidumu miezi sita au zaidi na kukufanya ukose kliniki, soko au kazi, mwambie muuguzi. Na kama umejifungua karibuni, ukaanza kukwepa watu huku huzuni ikizidi wiki mbili, usisubiri. Njoo mapema, na ukishindwa kueleza kwa mdomo, andika kwenye karatasi utupe tusome.