Ushuru wa soko

Ushuru wa soko ni malipo ambayo mfanyabiashara hutoa kila siku au kila wiki ili aruhusiwe kuuza katika meza, kizimba au kibanda cha soko la umma. Nchini Tanzania hutozwa na halmashauri kwa kufuata sheria ndogo zake, na mlipaji hupewa risiti.

Ushuru huo si kodi ya pango. Mkataba wa pango humpa mpangaji haki ya kukalia eneo maalumu kwa muda uliotajwa, na masharti ya kumtoa huwa yameandikwa. Risiti ya ushuru huonyesha tu kwamba siku au wiki fulani imelipiwa.

Kwa mfano, muuza nyanya anayelipa shilingi 500 kwa siku, kwa siku 300, hutoa shilingi 150,000 kwa mwaka. Hata hivyo risiti hizo 300 kwa pamoja haziwi mkataba wa mwaka mmoja. Akimuuzia mwenzake kizimba hicho, mnunuzi amenunua nafasi isiyo mali ya muuzaji. Soko likivunjwa ili lijengwe upya, kwa kawaida hutazamwa jina lililoandikwa katika daftari la soko, na mnunuzi huyo anaweza kukosa nafasi.