Shangazi anapika na watoto: kikumbushi cha mpangilio wa viambishi vya mnyambuliko

Mwanafunzi wa Kiswahili anayerudia kozi ya mofolojia kabla ya mtihani hukutana na kauli za kitenzi zikiwa zimetawanyika. Katika slaidi nilizojifunzia mimi, kutendwa ilikuja kwanza kwa kuwa ni nyepesi kueleza, kutendea ikafuata, kutendana ikawa slaidi kadhaa mbele, na kutendesha ikaja karibu na mwisho pamoja na orodha ndefu ya mifano. Huo ni utaratibu wa kufundishia. Mtihani huuliza utaratibu mwingine: viambishi hivyo vinapokutana katika kitenzi kimoja, kipi hukaa karibu na mzizi na kipi hukaa mbali? Anayenakili vichwa vya slaidi kama vilivyofuatana atakariri orodha isiyo na jibu hilo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kutunga kikumbushi. Ni kukusanya majina yote kwenye karatasi moja, kisha kujiuliza kama orodha hiyo ina mfuatano wa lazima. Kwa kauli hizi mfuatano upo. Chukua mzizi -pik-. Tunasema pikisha, kisha pikishia, kisha pikishiwa: mgeni alipikishiwa sombe, maana yake mtu fulani alimfanya mwingine ampikie mgeni huyo. Hakuna anayesema *pikwishia. Kutendesha iko karibu na mzizi, kutendea inafuata, na kutendwa inafunga. Kutendana nayo hukaa baada ya kutendea, kama katika pikiana na andikiana.

Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaujua mfuatano huu kwa jina la CARP, lililoenezwa na makala ya Larry Hyman ya mwaka 2003. Ni herufi za mwanzo za majina ya kauli hizo nne kwa Kiingereza: kutendesha, kutendea, kutendana, kutendwa. Kwa bahati majina ya Kifaransa nayo yanaanza na herufi zilezile, kwa hiyo wanafunzi wengi wa kwetu huchukua CARP kama ilivyo. Shida huanza pale mtihani unapoandikwa kwa Kiswahili, kwani inabidi kwanza kukumbuka herufi, kisha jina la kigeni, kisha kulitafsiri.

Ukijaribu kufanya vivyo hivyo kwa majina ya Kiswahili, unapata K, K, K, K. Ukiondoa ku- unapata T, T, T, T. Jambo hili linatokana na lugha yenyewe. Istilahi zetu huanza na kiambishi cha ngeli au cha kitenzi-jina, na majina ya kauli zote yamejengwa juu ya kitenzi kimoja, kutenda. Kinachotofautisha jina moja na jingine kiko mwishoni. Hapo ndipo kikumbushi kinapaswa kuchukua nyenzo zake.

Tuandike basi miisho kwa mfuatano tulioupata: kutende-sha, kutende-a, kutenda-na, kutend-wa. Tunapata sha, a, na, wa. Silabi hizo nne zinaanzisha maneno ya sentensi ambayo mtoto yeyote angeielewa: Shangazi anapika na watoto. Hata mwalimu akiiita kauli ya kwanza «kusababisha» badala ya kutendesha, silabi ya mwisho inabaki sha.

Faida ya sentensi hii ni kwamba silabi zake zinabeba alama ya kiambishi chenyewe, tofauti na herufi tupu. Ukifika kwenye na, tayari unaiona -an-; ukifika kwenye wa, unaiona -w-. Tuijaribu kwa kitenzi ambacho hakikuwa kwenye slaidi, kwa sababu kurudia pika hakuthibitishi kitu. Mzizi ni -som-. Shangazi: somesha. Anapika: someshea. Na: somesheana, kama tunaposema kwamba ndugu wawili wanasomesheana watoto. Watoto: tukiacha -an-, tunapata someshewa, kama mjomba aliyesomeshewa watoto wake na dada yake. Kitenzi kimoja si lazima kibebe vyote vinne; vinavyokuwepo tu ndivyo hufuata foleni.

Mfano huo unaonyesha pia jambo ambalo kikumbushi hakisemi. Hakisemi kwa nini ni somesha lakini pikisha, someshea lakini pikishia. Hiyo ni kanuni ya upatanifu wa irabu, na inahitaji mstari wake wenyewe kwenye karatasi. Wala hakina nafasi ya kauli mbili ambazo huenda slaidi zako zinazo. Kutendua hukaa karibu zaidi na mzizi, mbele ya Shangazi: fung-u-a, fung-u-li-a, fung-u-li-w-a. Kutendeka mimi huiandika kando, kwa kuwa haiongozani na kutendwa katika kitenzi kimoja. Kuzibana kauli hizo ndani ya sentensi kungeiharibu sentensi bila kuongeza ufahamu.

Hatari kubwa ni nyingine. Mwanafunzi anayekiamini kikumbushi kupita kiasi atakutana na pigania na kusema kwamba mgawanyo wake ni pig-i-an-a. Sivyo. Weka maneno mawili pamoja: tunapigiana simu, na wanapigania haki zao. La kwanza ni pig-i-an-a: kila mmoja anampigia mwenzake, na foleni ya Shangazi inatimia. La pili ni pig-an-i-a: -an- imetangulia. Sababu iko kwenye maana. Pigana imekwisha kuwa kitenzi kinachojitegemea, chenye maana ya kuwa vitani, na ni hicho kizima kilichopokea -i-: kupigana kwa ajili ya kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa patanisha: kwanza watu wanapatana, kisha mtu mwingine anawafanya wapatane. Unganisha nayo ina -an- mbele ya -ish-.

Kwa hiyo chini ya sentensi ya Shangazi naandika mstari wa pili: Na ikitangulia, tafuta kitenzi kipya. Jaribio ni jepesi. Kata neno mara baada ya -an-, weka -a, kisha uulize kama unachopata kina maana yake kamili ndani ya neno zima. Pigana, patana na ungana hupita jaribio hilo. Katika tunapigiana simu, pigana haimo kabisa. Hakuna anayepigana na mwenzake kwa simu.

Kabla ya mtihani jipime bila slaidi, na usianze kila mara na Shangazi. Anayeweza kutaja orodha kuanzia mwanzo tu hukwama akiulizwa ni kiambishi gani kinachokuja baada ya kutendea. Chagua vitenzi vitano, kwa mfano andika, lipa, cheza, funga na pata. Nyambua kila kimoja kwa kauli mbili au tatu, kisha ugawe mofimu. Ukiona umeanza kuandika viambishi kwa foleni bila kusikiliza kama neno linatamkika na lina maana, rudi kwenye mstari wa pili. Sentensi ya Shangazi inakupa mpangilio wa kawaida. Mwalimu atakapokupa patanisha kwenye karatasi ya mtihani, atakuwa anataka kuona kama unajua kwa nini mpangilio huo umevunjwa.