Ukuta Kwanza, Pazia Baadaye

Mpangaji wa Mji wa Kale, Mombasa, apatapo vijisenti vya kuitengeneza nyumba, aghalabu hukimbilia rangi na mapazia. Chumba hupendeza mwezi mmoja, kisha rangi ikaanza kuvimba na kubanduka, na unga mweupe wa chumvi ukamwagika sakafuni.

Majumba hayo ya kale yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa. Ukiupiga lipu ya saruji ukaupaka na rangi ya mafuta, umeuziba pumzi. Maji yatatafuta njia, na chumvi itakuja nayo.

Jirani yangu mmoja, karani wa duka, amepanga vyumba viwili orofani. Kila mwezi aliweza kuweka kando shilingi 3,000, basi. Kabla ya kutumia hata senti, alibandika kipande cha nailoni ukutani, akakiziba pande zote kwa utepe, akakiacha siku mbili. Matone yalitokea upande wa ndani, uliogusana na ukuta. Yangetokea upande wa nje, unaoelekea chumbani, ingekuwa ni mvuke wa hewa, na dawa yake ni kufungua madirisha. Nyuma ya ukuta ule kuna msala.

Basi fedha za mwezi wa kwanza ziliishia kwa fundi bomba. Ama mwenye nyumba, alikubali kukata gharama ya bomba na ukuta katika kodi. Wakaandikiana kabla kazi haijaanza, na hilo ndilo la busara, kwani ahadi ya mdomo husahaulika siku ya kulipa kodi.

Mwezi wa pili alibambua lipu iliyooza, akauacha ukuta ukauke. Chumvi aliipangusa kwa brashi kavu. Wengi huiosha kwa maji, nayo huyeyuka ikarudi ndani ya jiwe. Subira ya mwezi huo haikumgharimu kitu, ingawa wageni walimcheka. Alipobandika nailoni mara ya pili na kuikuta kavu, ndipo alipoendelea.

Mwezi wa tatu ulikuwa wa lipu mpya: chokaa kipimo kimoja, mchanga vipimo vitatu. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi yake. Wa nne, chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, juu ya ukuta ulionyunyizwa maji, mikono mitatu, kila mmoja ukingojewa siku nzima. Ikiwa mbichi haionekani kitu, hata mtu akadhani ameibiwa. Weupe huja ikikauka. Afunike macho apakaye, maana chokaa huunguza.

Mwezi wa tano ndipo mkewe alipokwenda kununua kitambaa cha pazia. Hicho hakikuandikwa katika mapatano. Wakihama, watakikunja waende nacho.