Majina ya vifurushi vitatu: jinsi ya kufanya cha kati kionekane cha busara

Wateja wetu wengi wanaotengeneza tovuti hutuma bei tatu kwa mteja, kisha wanashangaa mbona kila mtu anachagua ile ya chini. Mara nyingi bei haina shida. Shida iko kwenye majina. Hebu tuone kwa nini, tukitumia mfano wa studio ndogo ya watu wawili hapa Kenya.

Kwanza, kwa nini watu hupenda cha kati? Mwaka 1992 watafiti Itamar Simonson na Amos Tversky waliwapa watu kamera mbili wachague, moja ya dola 169.99 na nyingine ya dola 239.99. Waligawanyika nusu kwa nusu. Kundi lingine lilipewa hizo hizo mbili pamoja na ya tatu ya dola 469.99. Sasa asilimia 57 walichukua ile ya kati. Kamera haikubadilika, ila mnunuzi alipata sababu ya kujieleza: si ya chini sana, si ya juu sana.

Lakini mnunuzi wa kamera anaweza kuishika na kuilinganisha. Tovuti yako bado haijatengenezwa. Kitu pekee ambacho mteja anaona ni jina na mistari michache chini yake, kwa hivyo jina ndilo linambeba.

Majina yanayoharibu

Studio yetu ya mfano ilianza na Shaba, Fedha na Dhahabu. Majina haya yanasema tu kwamba kimoja ni ghali kuliko kingine. Hayasemi ni cha nani. Tena kwa Kiswahili "Fedha" ni pesa pia, na mteja akisoma "Kifurushi cha Fedha" anaweza kudhani ni mambo ya mkopo.

"Bei Rahisi, Kawaida, Spesheli" nayo ina kasoro yake. Hakuna mwenye duka anayependa kuitwa wa bei rahisi, na "kawaida" haimpi mtu sababu ya kuongeza hata shilingi moja.

Taja hali ya mteja

Studio ikabadilisha hivi:

- Ukurasa, shilingi 18,000: ukurasa mmoja wenye nambari ya simu, saa za kazi na kitufe cha WhatsApp.
- Biashara, shilingi 38,000: kurasa tano, picha za kazi zako, fomu ya maulizo, na marekebisho kwa miezi mitatu.
- Duka, shilingi 85,000: yote ya Biashara, pamoja na bidhaa hadi 50, malipo ya simu na mafunzo ya kuendesha duka.

Zote tatu zina jina la tovuti la .co.ke kwa mwaka wa kwanza.

Sasa fikiria fundi wa fanicha. Akisoma "Ukurasa" anajua ni kidogo, ila hajatukanwa. Akisoma "Duka" anajiambia, "Mimi siuzi mtandaoni bado." Inabaki "Biashara," na yeye ana biashara. Amejipata kwenye jina.

Angalia pia umbali wa bei. Kama Duka lingekuwa 42,000, mteja angeona afadhali aongeze kidogo achukue lote, hata kama halihitaji. Likiwa 400,000, halitafikiriwa kabisa, na utabaki na vifurushi viwili tu machoni pake.

Na usiweke kifurushi cha tatu cha kupamba orodha. Siku moja mtu atalipa deposit ya Duka, na itabidi ulitengeneze.

Jina fupi husaidia kwenye malipo

Chagua neno moja, lisilofanana na mengine. Mwambie mteja alipe deposit ya nusu, yaani 19,000, na kwenye nambari ya akaunti aandike BIASHARA. Ukifungua taarifa ya malipo mwisho wa mwezi, unahesabu moja kwa moja ni nani alichukua nini.

Utajuaje kama inafanya kazi?

Hesabu malipo kumi ya kwanza. Kama karibu yote ni UKURASA, huenda umeweka vitu vingi mno kwenye kifurushi hicho, kwa hivyo hakuna haja ya kupanda. Kama wateja wanapiga simu kuuliza "tofauti ni gani?", majina bado hayajasema kitu.

Kuna mahali mbinu hii haifiki. Mteja mwenye 20,000 mfukoni atachukua Ukurasa, na hicho ndicho kinachomfaa. Yule aliyewahi kuwa na tovuti anajua anachotaka na hatajali majina. Mbinu hii humsaidia yule ambaye hajui aanzie wapi, na kwake kifurushi cha kati lazima kiwe kweli kile ambacho ungemshauri ndugu yako achukue.